Filamenti Imekaushwa Saa Sita na Bado Inatoa Utando: Mwongozo Kamili wa Kukausha na Kuhifadhi

Swali linalorudi kila masika ni lilelile. Mtu ana printa ya 3D, ana roli ya PETG, aina ya plastiki ya kuchapia, amesikia kwamba filamenti, yaani uzi huo wa plastiki, hunyonya unyevu, ameiweka kwenye draya saa sita kama maelekezo yanavyosema, na bado kila kitu kinatoka kimejaa utando kama wa buibui. Anaanza kugusa mipangilio, anabadilisha nozeli, anamlaumu muuzaji.

Kosa karibu kila mara ni moja kati ya matatu. Ama filamenti haikuwa na unyevu tangu mwanzo, ama ilipashwa joto bila hewa kutoka, ama ilikauka vizuri kisha ikalala nje usiku mzima kando ya dirisha. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo. Mfano wangu ni PETG ya kilo moja, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi huku Pwani, lakini mahali ambapo PLA, plastiki nyingine ya kuchapia, inataka mkono tofauti nitasema.

## Vitu vya kuandaa

- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Hii ni muhimu kuliko draya yenyewe.
- Kipimajoto na kipimaunyevu, vile vidogo vya kidijitali vinavyouzwa pamoja. Chukua viwili.
- Chombo cha kupasha joto: draya ya filamenti, mashine ya kukaushia matunda, au kitanda cha printa pamoja na boksi la katoni.
- Vipande vitatu vya mbao vyenye unene wa sentimita moja, kama utatumia kitanda.
- Silika jeli ya chembechembe, gramu 100 kwa kila chombo cha kuhifadhia.
- Ndoo au kontena lenye mpira kwenye mfuniko.
- Kalamu ya maka na plasta ya karatasi.

Mchele haumo kwenye orodha. Mchele wa dukani wenyewe una maji kama asilimia 12 au zaidi, na ukiizika humo roli yako utapata vumbi la wanga ndani ya nozeli, basi. Upike.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni unyevu

Pasha nozeli joto unalochapia siku zote, zima feni ya kupoza, inua kichwa cha printa juu, kisha sukuma filamenti hewani polepole. Kwa PETG amri ni hizi:

```
M109 S235
M83
G1 E50 F120
```

Rudia mstari wa mwisho mara mbili au tatu. Usiupe uzito uzi wa sentimita chache za mwanzo, kwa sababu plastiki hiyo imekaa ndani ya nozeli ikiungua. Tazama na usikilize unaofuata.

Filamenti kavu hutoka kimya. Uzi wake ni laini, unang'aa, na unene wake ni uleule kutoka juu hadi chini. Iliyolowa hutoa mlio wa kupasuka, kama chumvi inayotupwa kwenye mafuta ya moto. Wakati mwingine utaona mvuke mwembamba. Uzi huwa na vipovu, unafifia mng'ao, na ukiuangalia kwenye mwanga ni kama una ukungu ndani.

Sababu yake ni kwamba maji yaliyojificha kwenye plastiki yanafika kwenye nyuzi 235 ghafla na kugeuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Mvuke huo unasukuma plastiki nje hata pale printa imeiamuru irudi nyuma. Ndiyo maana kuongeza `Retraction` hakusaidii. Unapigana na mvuke kwa mota.

Sasa tenganisha na magonjwa yanayofanana nayo. Kama uzi unatoka kimya na laini lakini kipande bado kina utando, tatizo ni joto la juu mno au mipangilio, na hakuna draya itakayolitibu. Kama uzi unatoka mwembamba na kujikunja upande mmoja, nozeli imeziba nusu. Kama mota inapiga kata-kata na hakuna vipovu, angalia gia inayovuta filamenti.

PLA ina dalili yake ya ziada: inavunjika kwenye bomba hata kabla ya kuchapa. Kata na utupe kipande kilichokuwa kimenyooshwa ndani ya bomba, kisha kunja kipande kutoka kwenye roli. Kikikatika kama ufagio wa chelewa, imezeeka au imelowa, au vyote viwili.

Kabla ya kuendelea, chapa faili moja dogo: nguzo mbili nyembamba zilizoachana sentimita sita. Utando utaonekana katikati yake. Andika tarehe chini ya kipande hicho na ukitunze, maana utakihitaji kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Pima uzito

Weka roli nzima kwenye mizani, andika gramu kwenye plasta na uibandike ubavuni. Roli yangu ya mfano, iliyozungushwa kwenye kikombe cha plastiki na ambayo ilikuwa imetumika kidogo, ilisoma gramu 1,211.

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, nayo ndiyo inayoondoa ubashiri. Saa sita ni makadirio tu. Roli iliyokaa nje siku mbili na roli iliyokaa nje miezi mitatu hazihitaji muda sawa, na saa ya ukutani haijui tofauti hiyo. Mizani inaijua.

Tahadhari moja: kama roli yako imezungushwa kwenye kikombe cha katoni, katoni nayo imejaa maji, tena kuliko plastiki. Gramu tano za mwanzo zikipotea haraka, usishangilie, huenda zote zimetoka kwenye katoni. Kwa roli za aina hiyo usiangalie jumla iliyopotea, angalia tu kama uzito umeacha kushuka.

## Hatua ya 3: Chagua joto, kisha ulipime mwenyewe

Joto la ndani, pale filamenti ilipo, liwe hivi:

- PLA: nyuzi 45 hadi 50
- TPU: 50 hadi 55
- PETG: 60 hadi 65
- ABS: 70 hadi 80
- Nailoni: 80, na usiku kucha

Mpaka wa juu unatokana na kulainika. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, PETG karibu na 80. Ukiukaribia mpaka huo, mizunguko ya filamenti inashikana na roli inakuwa donge. Hasara hiyo haina dawa. Angalia na kikombe chenyewe pia, kwa kuwa vikombe vingine vya plastiki hupinda vikizidi nyuzi 70, na kikombe kilichopinda hakizunguki.

Usiamini namba iliyo kwenye kioo cha draya. Weka kipimajoto chako ndani, usawa wa filamenti, subiri dakika 45, usome. Draya za bei ya chini nilizopata kuzipima zilionyesha 65 huku ndani ni 52. Kwa PLA tofauti hiyo ni bahati. Kwa PETG maana yake unapoteza umeme.

Oveni ya gesi iache kabisa, maana moto wake wa chini kabisa kwa kawaida umezidi mipaka yote hiyo. Oveni ya umeme na ea-fraya hupanda kupita namba uliyoweka kabla ya kutulia, na huo mruko mmoja unatosha kuua roli ya PLA. Na jua? Jua la Tanga au Lamu linapasha upande mmoja tu, huku hewa inayoizunguka roli ni ileile yenye unyevu, na mionzi yake inadhoofisha plastiki. Anika samaki.

## Hatua ya 4: Kausha, na uiache hewa itoke

Hapa ndipo roli nyingi zinapofeli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Joto peke yake halikaushi kitu. Linachofanya ni kuyalegeza maji yatoke kwenye plastiki na kuifanya hewa iweze kuyabeba. Hewa ya masika yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 65 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 14. Hiyo ni hewa yenye kiu. Ukiishia 50, unabaki kwenye asilimia 27 hivi, na ndiyo sababu PLA huku kwetu huchukua muda mrefu kuliko maelekezo yaliyoandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu.

Sasa funga hewa hiyo ndani ya boksi. Lita kumi za hewa kwenye nyuzi 65 haziwezi kubeba zaidi ya gramu 1.6 za maji, zijae kabisa. Roli yangu ilikuwa na gramu tatu za kutoa. Mfuniko ukiwa umebana, hewa inashiba kabla kazi haijafika nusu, na baada ya hapo unachemsha filamenti kwenye mvuke wake yenyewe. Unaweza kuiacha saa 20, haitakauka.

Kwa draya: weka njiti mbili za kiberiti kwenye ukingo wa mfuniko ili pabaki upenyo wa milimita mbili hivi. Kama ina tundu la kutolea filamenti, toa kizibo chake. Joto litashuka kidogo, lipandishe hadi kipimajoto chako kisome 60 hadi 65 tena.

Kwa kitanda cha printa: tafuta boksi la katoni lenye kimo cha sentimita tisa au kumi, linaloifunika roli iliyolala na kubaki na nafasi kidogo pembeni. Toboa matundu mawili ya ukubwa wa penseli chini kwenye pande mbili zinazoelekeana, na matatu juu. Hewa baridi itaingia chini, ipande ikiwa moto, itoke juu na maji yake. Kisha, kabla hujaweka chochote kitandani, tuma amri hizi:

```
G28
G1 Z200 F600
M140 S75
```

Kichwa kikishapanda juu, panga vipande vya mbao, laza roli juu yake, ingiza kipimajoto, funika. Mbao zinazuia filamenti ya chini isiguse kitanda chenye joto kuliko hewa. Baada ya dakika 45 soma: ikiwa ni chini ya 58, panda hadi 80, lakini usipite hapo. Kwa PLA anza na `M140 S55`. Katikati ya muda geuza roli, juu iwe chini.

Printa zinazoendeshwa na programu ya Klipper zina mtego wake. Kwa kawaida yake ikikaa dakika 10 bila kazi inazima vipasha joto vyote, nawe unarudi asubuhi unakuta boksi baridi. Iambie isubiri saa nane:

```
SET_IDLE_TIMEOUT TIMEOUT=28800
```

Printa nyingine nazo zina ulinzi kama huo kwa majina mengine. Njia rahisi ya kujua ni kwenda kugusa boksi baada ya saa moja. Na hii si kazi ya kuacha nyumba ikiwa tupu, kwani ni katoni juu ya chuma cha moto.

Umeme ukikatika katikati, usiache roli ipoe ndani ya draya. Hewa moto iliyobeba maji ikipoa inayarudisha palepale ilipoyatoa. Itoe, itumbukize kwenye kontena lenye silika, na umeme ukirudi endelea. Muda uliotangulia haujapotea wote.

### Jinsi ya kujua imekauka

Pima uzito kila baada ya saa mbili au tatu. Roli ile ya gramu 1,211 ilisoma 1,209 baada ya saa tatu, 1,208 baada ya saa sita, na saa ya nane ilikuwa bado 1,208. Vipimo viwili mfululizo vikifanana, imetoa inachoweza kutoa kwenye joto hilo. Acha hapo.

Gramu tatu zinaonekana kama si kitu, asilimia 0.3 tu ya plastiki iliyokuwemo. Kijiko cha chai hakijai. Lakini ndizo zilizokuwa zinapasuka kwenye nozeli.

Ikiwa uzito haujasogea kabisa tangu mwanzo na mlio bado upo, hewa haitoki au joto ni dogo. Kama uzito haujasogea na mlio haukuwepo, rudi hatua ya 1: filamenti yako ni nzima.

## Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kurekebisha kitu kingine

Chapa zile nguzo mbili tena, kwa mipangilio ileile, joto lilelile, hata kama kidole kinakuwasha. Ziweke mbili za zamani na mbili mpya ubavu kwa ubavu. Utando ukiwa umepungua toka nyuzi nyingi hadi unywele mmoja mmoja, unyevu ndio uliokuwa mwizi, na hicho kidogo kilichobaki unaweza kukimaliza kwa kushusha joto la nozeli nyuzi tano.

Jua pia kisichorudi. Kipande kilichochapwa kwa filamenti iliyolowa ni dhaifu moja kwa moja, maana kwenye joto la nozeli maji hukata minyororo ya PLA, PETG na nailoni, na kukausha kipande baadaye hakuiungi. Kama ni bano la kubeba mzigo, chapa jingine. PLA iliyozeeka hivyo kwenye rafu kwa miaka inaweza kukauka kwenye mizani na bado ikakatika mkononi. Hiyo itumie kwa majaribio au uitupe.

## Hatua ya 6: Hifadhi siku hiyohiyo

Roli ikitoka kwenye joto iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika, si mezani. Huku Pwani PETG iliyoachwa wazi siku mbili tatu za masika huanza tena kutoa utando. Nailoni haingoji hata kesho. Nailoni na TPU zichape zikiwa ndani ya kontena, filamenti ikipita kwenye kibomba.

Chombo ninachokipenda ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mpira kwenye mfuniko, iliyooshwa vizuri. Roli za kawaida zenye kipenyo cha sentimita 20 zinalala humo nne, zimepandana. Kontena la chakula lenye vibanio vinne nalo linafaa, ila linabeba moja au mbili.

Jaribu ndoo kabla ya kuiamini. Weka silika gramu 100 na kipimaunyevu, funga, usiweke roli. Kesho yake isome chini ya asilimia 20, na baada ya wiki iwe bado hapohapo. Ikipanda, inavuja kwenye mpira. Lita 20 za hewa ya masika zina nusu gramu tu ya maji, na silika inaimeza bila jasho. Adui wako ni upenyo na mikono inayofungua kila saa.

Na kipimaunyevu chenyewe kikaguliwe. Loweka chumvi ya mezani kwa matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, iweke kwenye kizibo cha chupa, funga pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, acha usiku kucha. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, jua kinapunguza saba na uandike mgongoni mwake.

Silika ikichoka inafufuliwa. Imwage kwenye trei ya chuma, oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ikiwa imefunikwa. Usiipashe ikiwa ndani ya vipakiti vyake, maana vingi huyeyuka au kuungua. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti, yenye sumu, kwa hiyo isiguse trei ya mikate wala isichezewe na watoto. Ya rangi ya chungwa ndiyo ninayonunua.

Usitegemee ndoo ikaushe roli iliyolowa. Kwenye joto la chumba maji hutoka kwenye plastiki kwa mwendo wa kinyonga, kwa wiki nyingi. Silika inalinda kilichokwisha kauka.

Mwisho, plasta ile ya ubavuni. Kila unaporudisha roli ndooni, ipime na uandike gramu pamoja na tarehe. Siku ya kuitoa ipime tena kabla haijaingia kwenye printa. Namba zikilingana, chapa. Ikiwa imeongezeka gramu moja, sukuma uzi hewani usikilize. Zikiwa mbili, washa draya na uweke njiti zako.